"Niko Poa" Haitoshi: Karatasi ya Mlima Meru Iliyogeuzwa Kiswahili Kisongo

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya kwenda Dodoma, ukipita uwanja mdogo wa ndege, unaingia Kisongo. Asubuhi yenye anga safi Mlima Meru unauona wote, toka mabegani mpaka kilele. Kwa wengi pale ni mandhari tu ya kupigia selfi. Kwa dada mmoja wa miaka 24, aliyemaliza kidato cha nne na kupata kazi ya kupokea simu kwenye kakampuni kadogo ka utalii, ule mlima ni ofisi.

Miaka yote kampuni ilikuwa na karatasi moja ya maelekezo kwa wageni, kwa Kiingereza, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ugonjwa wa mwinuko, wa pili tipu za wapagazi. Wazungu walikuwa wanaisoma, wanaikunja, wanaitia mfukoni. Halafu likaja kundi la washkaji wanne kutoka Dar, wafanyakazi wa ofisi moja, wanataka kupanda Meru kwa siku nne. Bosi akamwambia yule dada, "Mama, hiyo karatasi igeuze Kiswahili. Wageni wanaingia Alhamisi."

Akaona kazi ya usiku mmoja. Ikamla wiki nzima.

Neno la kwanza tu lilimsumbua. Mtaani Arusha kiongozi wa safari watu wanamwita gaidi, kwa kulitamka lile neno la Kiingereza. Sasa mwandikie mtu wa Dar kwamba usiku wa manane gaidi mkuu atakuja kumwamsha kwenye kitanda chake, uone kama atapanda. Akaandika mwongozaji. Wapagazi akawaacha wapagazi, ingawa mlimani wenyewe wanaitana wagumu. Hilo lilikuwa jepesi. Ugumu ulianza kwenye sentensi ambazo kila neno lake lilikuwa na Kiswahili chake, zikageuzwa vizuri kabisa, halafu zikawa hatari.

Rasimu ya kwanza alimpa kaka mmoja mwongozaji, mtu aliyeupanda Meru mpaka hahesabu tena. Kaka akasoma, akafika mstari wa tatu, akaweka kidole. Palikuwa pameandikwa hivi: "Kuumwa kichwa kidogo ni kawaida."

"Sista, hii futa," akasema. "Mbongo ukimwambia kitu ni kawaida, umemwambia akinyamazie."

Na kweli. Kwa Kiingereza sentensi ile ilikuwa na maana kwamba watu wengi hupatwa na dalili hiyo, kwa hiyo mtu asiwe na hofu, aseme. Kwa Kiswahili "kawaida" inafunga mjadala. Mtoto anapiga chafya, kawaida. Umeme umekatika, kawaida. Kichwa kinagonga ukiwa mita 3,500, kawaida, twende.

Hapa lazima ujue Meru ikoje, maana watu wanaudharau kwa sababu kaka yake Kilimanjaro yuko jirani na ana mita 5,895. Meru una mita 4,566. Safari inaanzia geti la Momella, kama mita 1,500. Usiku wa kwanza unalala kibanda cha Miriakamba, mita 2,514. Usiku wa pili unalala Saddle, mita 3,570. Usiku huohuo, kwenye saa saba au saa nane, unaamshwa kwenda kileleni. Siku ya tatu unarudi kulala Miriakamba, ya nne unatoka getini.

Angalia hapo katikati. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku. Kutoka Miriakamba kwenda Saddle unapandisha kitanda zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja. Vibanda viko palepale vilipojengwa, huwezi kuvisogeza. Ndiyo maana waongozaji wazuri, wakifika Saddle mchana, wanawapeleka watu Meru Ndogo, mita 3,820, wanakaa kidogo kisha wanarudi kulala chini. Mwili unaonjeshwa juu halafu unapumzishwa. Na ndiyo maana mtu wa Dar, aliyezaliwa na kulala maisha yake yote usawa wa bahari, hatakiwi kuambiwa kwamba kichwa ni kawaida.

Hewa ya juu haijapungukiwa oksijeni kwa kiasi, bado ni asilimia 21 kama ya Kariakoo. Kinachopungua ni mgandamizo. Pale kileleni kila pumzi inakuletea kama asilimia 60 tu ya oksijeni unayoipata ukiwa Koko Beach. Mwili unaweza kuzoea ukipewa muda. Ukinyimwa muda unaanza kulalamika, na lalamiko la kwanza ni kichwa.

Basi wakakaa wawili, dada na kaka mwongozaji, wakaiandika upya sehemu ile. Ikawa hivi: "Kichwa kikianza kuuma ukiwa juu ya Miriakamba, hesabu ni mlima, mpaka mwongozaji athibitishe vingine. Mwambie hapohapo. Ukiongezea kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu usio wa miguu tu, hupandi tena hata hatua moja mpaka dalili ziishe."

Maneno "hesabu ni mlima" yaliwekwa kwa makusudi. Kichwa, kichefuchefu na uchovu ni dalili ambazo mtu wa Pwani anazijua kwa jina lingine. Atasema malaria. Atasema jua. Atasema jana alilala vibaya kwenye basi. Anameza anachojua na anaendelea kupanda. Karatasi ya Kiingereza haikuwaza hilo kabisa, kwa sababu mgeni wake hakukua na malaria. Wakaongeza pia mstari wa panadol: inaruhusiwa kutuliza maumivu, lakini panadol si kibali cha kupanda. Na mwingine wa konyagi ya kuondoa baridi: hapana, inakausha mwili na inaharibu kupumua usingizini.

Halafu wakafika kwenye sentensi iliyosema mgeni "asikilize mwili wake". Dada aliigeuza neno kwa neno, ikasomeka kama tangazo la redio. Kaka akauliza, "Mwili unasema nini sasa?" Wakaifuta. Badala yake wakaweka maswali matatu ambayo mwongozaji atauliza kila jioni, ili mgeni ayajue mapema. Umekula kiasi gani? Umekojoa mara ngapi tangu asubuhi? Hebu tembea hapa kwenye mstari, kisigino kiguse vidole.

Sababu yake ni lugha yetu wenyewe. Mtanzania ukimuuliza "vipi, uko sawa?" jibu lipo mdomoni kabla hajafikiri. Niko poa. Freshi. Salama. Mtu anaweza kuwa ametoka kutapika nyuma ya kibanda na bado akakujibu salama, kwa sababu hiyo ni salamu, na salamu ina jibu lake. Lakini huwezi kusema "niko poa" kwenye swali la mkojo. Na mstari haudanganyi. Mtu anayeyumba kama mlevi ilhali hajanywa, au anayehema akiwa amekaa tu, ameshavuka kuumwa kichwa. Ubongo au mapafu yanaanza kujaa maji. Hizo dalili mbili waliziandika kwa wino mwekundu na mstari mmoja chini yake: "Anashushwa sasa hivi, hata kama ni usiku, hatusubiri asubuhi."

Na "pole pole" je? Maneno hayo yalikuwa kwenye karatasi ya Kiingereza kwa Kiswahili chetu, kama pambo. Mzungu akiyaona anatabasamu. Mswahili akiyasoma anapita tu, maana pole pole anaisikia toka utotoni na hajawahi kuitii. Wakaieleza: tembea mwendo ambao unaweza kumsimulia mwenzako kisa chote bila kukata pumzi. Ukishindwa kumaliza sentensi, umekimbia.

Ukurasa wa kwanza ukaisha. Wakadhani kazi imeisha, kumbe ukurasa wa pili ndio wenye mzigo.

Ulisema kwamba tipu ya mpagazi ni kiasi fulani "kwa siku kwa kundi". Bosi alishaweka shilingi badala ya dola: mwongozaji 50,000, msaidizi wake 40,000, mpishi 30,000, mpagazi 20,000. Dada akageuza: "Mpagazi: 20,000 kwa siku, kwa kundi." Akaona safi. Siku hiyo alikuwepo mzee mmoja mpagazi, amekuja kuulizia safari. Dada akamsalimia shikamoo, akamsomea, akamwuliza ameelewaje.

"Marahaba mwanangu. Nimeelewa kila mgeni ananipa 20,000 kila siku."

Kijana mpagazi aliyekuwa mlangoni akacheka. "Mzee, hapana. Ni 20,000 ya wapagazi wote, tunagawana."

Bosi naye alikuwa na maana yake ya tatu, na ndiyo ilikuwa sahihi. Sasa piga hesabu ya kundi lile. Wageni wanne, siku nne, wapagazi wanane. Kwa maana ya mzee, mpagazi mmoja anatoka na 320,000. Kwa maana ya kijana, 20,000 mara siku nne ni 80,000, wagawane wanane, kila mtu 10,000 kwa kazi ya siku nne. Kwa maana ya bosi, kila mpagazi anapata 20,000 kwa siku, jumla 80,000, na fedha hiyo wageni wote wanne wanaichanga pamoja. Sentensi moja ya maneno sita, watu watatu, mifuko mitatu tofauti. Na kila safari mtu alikuwa anarudi getini amenuna, bila mtu kujua kwamba chanzo ni karatasi.

Akaiandika upya kama anavyomweleza mama yake sokoni. Nani anatoa, anampa nani, kwa nini, mara ngapi. "Nyinyi wanne mnachanga pamoja. Kila mpagazi mmoja anapata 20,000 kwa kila siku ya safari." Chini yake akaweka hesabu yote imeshapigwa. Mwongozaji 200,000. Msaidizi 160,000. Mpishi 120,000. Wapagazi wanane 640,000. Jumla 1,120,000, kila mgeni 280,000.

Kuna sentensi nyingine ilimtesa, ile inayosema tipu si lazima lakini inatarajiwa. Kwa Kiswahili inasikika kama mtu anayekuzunguka. Akaandika: "Mlicholipa ofisini kimelipa mishahara, chakula na ada za hifadhi. Tipu ni asante yenu juu ya mshahara. Hakuna atakayewadai. Ila wao wameshaipigia hesabu nyumbani, kwa hiyo kama hamtaiweza tuambieni kabla ya safari, siyo getini." Na karatasi ikapangwa kutumwa WhatsApp kabla mgeni hajalipa hata senti, kwa sababu 280,000 ukiisikia kwa mara ya kwanza siku ya nne, miguu inauma na akaunti imekauka, lazima mtakosana.

Hapo ndipo yule mzee mpagazi akauliza swali ambalo halikuwemo kwenye ukurasa wowote.

"Mwanangu, hii mmeandika kwa siku. Mgeni akiumwa siku ya pili akashushwa, siku zangu zinakuwa ngapi?"

Kimya.

Fikiria. Ukurasa wa kwanza unasema mtu akizidiwa ashushwe haraka. Ukurasa wa pili unalipa kwa siku. Mpagazi ndiye anayelala karibu na wageni, anayewapelekea maji ya moto, anayeona sahani imerudi na chakula chote na mtu anatapika gizani. Yeye ndiye wa kwanza kujua. Na kwa namna karatasi ilivyoandikwa, akisema, anaweza kujipunguzia mfuko wake mwenyewe. Akinyamaza, kesho ana siku nyingine. Mzee hakusema kwamba kuna mtu amewahi kunyamaza. Aliuliza tu, na kila mtu mle ndani akaelewa anachouliza.

Kwa Kiingereza kurasa zile mbili zilikuwa zimekaa miaka bila kukutana. Wageni walikuwa wanausoma wa ugonjwa, wapagazi walikuwa wanausikia wa tipu kwa juujuu. Zilipowekwa kwa lugha ambayo wote wanaisoma, zikagongana.

Bosi alizunguka zunguka kidogo, akauliza hasara itakuwa ya nani, mwishowe akakubali. Mstari ukaingia katikati ya kurasa: "Tipu inahesabiwa kwa siku zilizopangwa, siyo siku alizotembea mgeni. Mtu akishushwa kwa sababu ya afya, waliomshusha wanapata siku zao zote." Na mwingine kwa wapagazi wenyewe, wasomewe kwa sauti getini: "Ukiona mgeni hajala au anatapika, mwambie mwongozaji. Hukosi kitu."

Wakaongeza na namna ya kutoa fedha yenyewe. Bahasha moja kwa kila mtu, jina juu yake, mgeni anakabidhi mkononi mwa mhusika mbele ya wote, baada ya orodha kusomwa. Siyo furushi moja kwa mwongozaji akagawe njiani. Hiyo haikumaanisha mwongozaji ni mwizi. Ni kwamba fedha iliyohesabiwa mbele ya watu haina stori.

Alhamisi wageni wakaja. Dada akawasomea yote, na wapagazi wamesimama palepale wanasikia. Mgeni mmoja, jamaa mwenye mwili wa jimu na wafuasi wengi Instagram, alitania sana lile swali la mkojo. Waliondoka wanacheka.

Jioni ya siku ya pili, Saddle, huyo huyo wa jimu hakwenda kula. Alisema amechoka tu. Kichwa kilikuwa kimemwanza njiani na alikuwa ameshameza panadol mbili kimyakimya, kwa sababu alikuwa ameshaposti kwamba kesho yuko kileleni. Aliyesema si yeye wala rafiki zake. Ni kijana mpagazi aliyepeleka maji akakuta ametapika, akaenda moja kwa moja kwa mwongozaji.

Mwongozaji hakumuuliza kama yuko poa. Umekula nini? Hajala. Umekojoa mara ngapi? Mara moja, asubuhi. Tembea hapa. Mstari aliuweza, hakuyumba, na akikaa hakuhema. Kwa hiyo haikuwa ile nyekundu, lakini kileleni hapandi. Wakampa maji na mapumziko, wakakubaliana kumwangalia tena baada ya muda. Saa mbili usiku kichwa kilikuwa kimezidi na ametapika tena. Uamuzi ukafanyika pale pale, wakati bado kuna watu wa kusaidia. Meru ina nyati, hutembei usiku bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, na askari wa kundi lao anatakiwa kupanda na wenzake. Ilibidi atafutwe mwingine. Msaidizi wa mwongozaji, askari na wapagazi wawili wakamshusha Miriakamba, kama masaa mawili ya kushuka kwenye giza.

Mita 1,000 chini. Hakuna sindano, hakuna maajabu. Asubuhi alikunywa uji akamaliza kikombe na kuomba kingine. Mchana akashuka mpaka Momella na wale wapagazi wawili. Wenzake watatu walifika kileleni.

Siku ya nne getini orodha ikasomwa. Wapagazi wawili walioshuka mapema waliitwa kwa majina kama wengine, kila mmoja 80,000. Kijana aliyetoa taarifa alipewa bahasha yake na yule wa jimu mwenyewe, ambaye kilele hakukipata. Aliposti picha ya Miriakamba na maneno mawili: "Nimeshushwa, asanteni."

Wewe na washkaji zako mnaopanga Meru kiangazi hiki, kabla hamjalipa ulizeni kampuni mambo mawili tu. Kila jioni nani atatuuliza tumekula nini? Na mmoja wetu akishushwa, wapagazi wanalipwa siku ngapi? Wakishindwa kujibu la pili, la kwanza halitawasaidia sana.